Mechi moja, sauti tatu: komentari ya TV, ya redio, au kelele za uwanja tu?

Kila ikichezwa mechi kubwa ubishi ni uleule, huyu anasema mtangazaji wa TV anaongea mno mpaka anamharibia mechi, yule anasema bila mtangazaji ni kama unaangalia samaki kwenye tangi la kioo, halafu tupo wachache tunaozima sauti ya TV tukawasha redio pembeni na watu wanatuona kama tumechanganyikiwa. Mi nimefanya hivyo miaka mingi, raha yake naijua na hasara yake naijua, ngoja niziweke hizi njia tatu pembeni kwa pembeni ili mtu achague mwenyewe. Nitaongelea mpira wa miguu zaidi maana ndo ninaoujua vizuri, ila mengi hapa yanafanya kazi kwenye mchezo wowote unaorushwa laivu.

Njia nzuri ya kulinganisha ni kuchukua tukio moja na kusikiliza watu tofauti wakilitangaza kwa wakati uleule. Na bahati nzuri lipo tukio kama hilo.

Tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, Mexico City, robo fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na England. Dakika ya 55 Maradona anapokea pasi ya Héctor Enrique akiwa bado upande wake wa uwanja, anageuka katikati ya Beardsley na Reid, anawaacha, anaenda zake na winga ya kulia, anampita Butcher, anampita Fenwick, anamzunguka kipa Shilton huku Butcher amerudi tena anamkwatua kwa nyuma, na mpira tayari uko wavuni. Yote hayo sekunde kumi na kitu tu. Mwaka 2002 kura ya FIFA ililichagua kuwa goli la karne.

Sasa sikiliza. Kwenye televisheni ya BBC alikuwa Barry Davies. Kwa tafsiri yangu mwenyewe, anasema Maradona tena, anaye Burruchaga kushoto, anaye Valdano kushoto, hatamhitaji yeyote kati yao, halafu mpira unaingia na Davies anasema "Oh! Lazima ukubali, hilo ni goli la hali ya juu." Basi, hayo ndo maneno yaliyobaki. Ukimsikiliza umefumba macho huwezi kujua hata Maradona ameanzia wapi wala amepita wangapi. Na hajakosea chochote, kwasababu macho yako yameshaona, yeye kazi yake ilikuwa kukuongezea kile kimoja usichokiona kwa haraka, kwamba wapo wawili wa kupewa pasi na jamaa hawapi.

Kwenye redio ya BBC alikuwa Bryon Butler. Huyu anasema Maradona anageuka kama mkunga, yule samaki anayeteleza mkononi, anatoka kwenye matatizo, mtu mfupi mnene, anaingia ndani ya Butcher anamwacha hoi, anatoka nje ya Fenwick anamwacha hoi, anauweka mpira wavuni, na hiyo ndo sababu Maradona ni mchezaji bora duniani. Chukua chaki sasa hivi, bila kuona picha, utalichora lile goli ubaoni. Ndani, nje, nani kaachwa, vyote vipo. Yaani sentensi zake zinapinda pale Maradona anapopinda.

Na wa tatu ni Víctor Hugo Morales, Mruguai aliyekuwa anatangaza kwenye redio ya Argentina. Anaanza kawaida kabisa, wawili wanamkaba, anaukanyaga mpira, anaondoka kulia huyu mwerevu wa soka la dunia, anamwacha wa tatu, atampa Burruchaga... Hapo tulia kidogo. Mtu wa TV kamtaja Burruchaga, mtu wa redio ya Argentina naye kamtaja Burruchaga, wote wawili waliiona pasi ileile ambayo haikutokea! Ndo maana Morales anapogundua amedanganywa pamoja na mabeki anabaki kusema "Daima Maradona! Genius, genius, genius!" halafu maneno yanamwishia kabisa anabaki na ta-ta-ta-ta kama bunduki, halafu goooool, halafu anataka kulia, halafu ndo linakuja lile lililomfanya ajulikane dunia nzima, "kishada cha anga za mbali, umetoka sayari gani" ili uwaache Waingereza wengi hivyo njiani, na anamaliza kwa kumshukuru Mungu kwa mpira, kwa Maradona, kwa machozi haya.

Goli moja, kazi tatu tofauti. Davies anakuongezea juu ya picha, Butler anakupa picha, Morales anakupa hali ya mtu aliyeko pale. Ukishalielewa hilo, ule ubishi wa nani mtangazaji bora unakuwa hauna maana sana, swali zuri ni wewe unakosa nini ukiwa umekaa pale ulipo.

Kwanini mtu wa TV anasikika amefungwa mikono

Watu wanadhani mtangazaji wa TV anaangalia uwanja. Anauangalia ndiyo, lakini mbele yake kuna skrini ndogo inayoonyesha kilekile unachokiona wewe, na sheria ya kazi ni kwamba usiongelee kitu ambacho mtazamaji hakioni, au ukikiongelea basi uwe na uhakika direkta atakileta. Sikio moja lina kelele za uwanja, lingine lina sauti kutoka kwenye gari la matangazo nje ya uwanja, "tuna marudio ya pembe ya pili", "baki na kocha", "kuna sabu inakuja". Yaani anaongea na wewe huku anaongeleshwa. Jaribu siku moja kusimulia kitu huku mtu anakunong'oneza sikioni, utawaheshimu hawa watu.

Na kule kwenye gari ndo mechi inapotengenezwa. Kombe la Dunia la 2022 lilipangiwa kamera 42 kwa mechi, lakini ukihesabu muda wako wa kuangalia, sehemu kubwa sana umeangalia kamera moja tu, ile ya juu katikati ya uwanja inayofuata mpira kulia na kushoto. Ya pili iko pembeni yake palepale, hiyo inavuta karibu, ndo inayokupa uso wa mchezaji akishakosa. Kisha zipo mbili usawa wa mistari ya kumi na nane, ambazo kila mtu anazisubiri kukiwa na ofsaidi, zipo nyuma ya magoli, ipo inayoning'inia kwenye kamba juu, ipo anayotembea nayo kameramani pembeni ya mstari. Nyingi ya hizo hazipo kwa ajili ya mchezo unaoendelea, zipo zinasubiri marudio. Mpira ukiwa unatembea direkta mwenye akili anabaki kamera ya juu, kwasababu akikata kwenda kamera nyingine wewe unapoteza sekunde nzima kutafuta mpira uko wapi. Ndo maana pia karibu kamera zote za mchezo ziko upande mmoja wa uwanja, wakihamia ng'ambo ghafla timu iliyokuwa inashambulia kulia inaonekana inashambulia kushoto, na wakifanya hivyo kwenye marudio mara nyingi wanaandika pale juu kwamba ni pembe ya upande wa pili.

Marudio nayo yana watu wake. Kila mmoja amekaa na mashine inayorekodi kamera kadhaa muda wote, ana kijigurudumu cha kurudisha nyuma na kipini cha kuamua kasi. Goli likiingia tu, wakati wewe unaruka, yeye anarudisha mpaka kabla ya pasi ya mwisho, anaweka alama, anapiga kelele "ninayo!" Direkta wakati huo anakupa mfungaji anakimbia, kocha, mashabiki, kipa ameinama, hiyo ndo inampa yule wa marudio muda wa kuandaa. Kisha ile nembo inayopita kwenye skrini, shwaa, marudio ya kwanza, ya pili, ya tatu, nembo inapita tena, mmerudi laivu.

Ile nembo sio pambo. Marudio ya papo kwa papo yalipoonyeshwa mara ya kwanza, tarehe 7 Desemba 1963 kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini, direkta Tony Verna alimrudia mchezaji wa Jeshi la Nchi Kavu akifunga, na mtangazaji Lindsey Nelson ikabidi apige kelele kwamba hii sio laivu, Jeshi halijafunga tena! Ingewezekanaje mtu wa 1963 ajue, alikuwa hajawahi kuona kitu kinatokea mara mbili ndani ya dakika moja. Leo kazi ile ya Nelson inafanywa na nembo.

Sasa hapa ndo pana udhaifu wa njia ya TV. Marudio yanakula muda wa laivu. Direkta akiwa na tamaa ya kukuonyesha pembe ya nne, kule uwanjani wameshaanza kucheza, na goli linaweza kuingia wewe ukiwa bado unaangalia faulo ya zamani. Utalijuaje? Kwa masikio. Picha ya marudio ni ya zamani lakini sauti ya uwanja mara nyingi ni ya sasa hivi, kwahiyo ukiwa unaangalia marudio na ukasikia uwanja unapanda ghafla, au mtangazaji ameacha kuelezea marudio katikati ya neno na sauti imebadilika, jua kuna kitu kinatokea ambacho hukioni. Mi nikisikia hivyo nakaa sawa kabla picha haijarudi.

Udhaifu wa pili ni kwamba marudio ya polepole yanadanganya. Mkono uliogusa mpira kwa bahati mbaya ukiupunguza kasi mara kadhaa unaonekana kama mtu aliufikiria, akaupanga, akaupeleka. Faulo ya kawaida inakuwa jinai. Hata taratibu za VAR zinasema mwendo wa pole utumike kwa mambo ya ukweli mtupu, kama mguso ulitokea wapi au mpira umetoka au haujatoka, lakini kupima nguvu ya rafu au kama mkono ulikuwa wa makusudi urudi kwenye kasi ya kawaida. Mtangazaji anayekuambia "tungoje tuione kwa kasi yake" huyo anajua kazi, anayehukumu kwa kuangalia mwendo wa pole tu anakupotosha, na wapo wengi.

Kingine ambacho watu hawakigundui, siku hizi mtangazaji anaweza asiwe uwanjani kabisa. Picha za mechi kubwa zinatengenezwa na timu moja, zinatumwa dunia nzima zikiwa na sauti ya uwanja bila komentari, kila kituo kinaweka mtu wake, na huyo mtu anaweza kuwa amekaa chumbani nchi nyingine anaangalia skrini kama wewe. Dalili zake ni rahisi. Hakuambii nani anapasha misuli. Sabu anaijua pale ubao unapoinuliwa. Kibendera cha ofsaidi kinamshtua dakika ileile kinapokushtua wewe, na mtu akianguka mbali na mpira hajui kaanguka kwanini mpaka marudio yaje. Sio kosa lake, lakini ukilinganisha na mtu wa redio aliyeko jukwaani anayeweza kugeuza shingo, hapo redio inashinda.

Turudi Azteca kidogo, maana dakika nne kabla ya lile goli kulikuwa na jingine, lile la mkono. Kwenye TV ya Uingereza swali la kwanza la Davies lilikuwa kama wanalalamikia ofsaidi, baadaye ndo likaja la mkono. Morales, tena anayetangazia Waargentina, alisema palepale kwamba kwa maoni yake goli lilikuwa la mkono, kwamba analishangilia kwa roho yake yote lakini lazima aseme anachofikiri. Wakati watu wanakumbuka kile kishada mi nadhani ile sentensi ndo kubwa kuliko zote alizosema siku ile.

Redio: unachopata na unachoibiwa

Redio inakupa ramani. Mtangazaji mzuri wa redio anarudia vitu vitatu bila kuchoka, mpira uko wapi, uko kwa nani, matokeo ni ngapi, kwasababu kila dakika kuna mtu amewasha redio sasa hivi. Ukiwa unaangalia TV huku unasikiliza redio unagundua kitu cha ajabu, kwamba unaujua uwanja vizuri zaidi, anakuambia beki wa kushoto yuko wapi wakati kamera haimwonyeshi.

Hasara ni kwamba redio haina kimya. Kimya cha sekunde nne redioni watu wanadhani betri imeisha. Kwahiyo hata mechi ikiwa mbovu kabisa, pasi za nyuma tupu, sauti lazima iende, na wengine wanaijaza kwa kupandisha mori, kila krosi ni hatari, kila shuti limepita sentimita. Ukiwa na picha mbele yako unaona kabisa shuti limeenda jukwaani na jamaa anasema kidogo tu! Unacheka ila baada ya dakika sabini inachosha. Na ukiwa huna picha, huna namna ya kumkagua.

Halafu kuna tatizo la muda, na hili ndo linalowashinda wengi wanaojaribu kuchanganya. Redio ya kawaida ya mawimbi inafika karibu papo hapo. Picha ya TV inabanwa, inatumwa setilaiti, inafunguliwa, inachelewa sekunde kadhaa. Ukiangalia kwa strimu ndo balaa, maana video inakatwa vipande vya sekunde kadhaa na kifaa chako kinaweka vichache akibani ili isikwame, unaweza kuwa nyuma nusu dakika na zaidi. Siku ya kwanza nilipojaribu nilikuwa kwenye strimu na redio ya mawimbi, nikasikia penati imekoswa wakati kwenye picha mchezaji bado hajachezewa hata faulo. Yaani nimekaa naangalia beki anaenda kumchezea rafu mtu na najua mwisho wake, nikamaliza mechi kama mganga.

Dawa yake ni ndogo. Tumia redio ya mtandaoni kupitia programu inayokubali kusimamishwa, au kifaa chochote kinachoweza kusogeza sauti nyuma. Subiri filimbi ya kuanza, ukiisikia redioni simamisha, ukiiona kwenye picha achia. Itakuwa karibu sana, kisha rekebisha kwa kitu chenye mlio mmoja mkali, goli kiki ya kipa ni nzuri, unaona mguu na unasikia mtangazaji anasema kapiga. Ikiwa redio ya mtandaoni ndo iko nyuma ya TV, na hutokea, basi geuza, simamisha TV kama inakubali. Redio ya mawimbi ikiwa mbele na haina pa kusimamishwa, achana nayo, usijitese. Na strimu ikikwama katikati ya kipindi kila kitu kinavurugika unaanza upya, hilo nalo ulijue kabla.

Kelele za uwanja tu

Baadhi ya vituo na programu zinakupa kuchagua sauti, unaondoa komentari unabaki na uwanja. Nilidhani nitaipenda sana. Dakika ishirini za kwanza ni tamu, unasikia mpira ukigongwa, maiki zimewekwa kuzunguka uwanja na fundi sauti anazipandisha na kuzishusha kufuata mpira, unasikia kipa anafoka, unagundua uwanja unanung'unika kabla ya faulo kuitwa. Kwa mtu anayejua timu zote mbili kwa majina na sura, hii ni nzuri mno, na kwa kocha au mtu anayetaka kuangalia mpangilio ndo chaguo la kwanza, kwasababu hakuna anayekuelekeza ufikirie nini.

Ila kwa timu usizozijua unapotea. Nani kafunga, jezi namba ngapi, kadi ni ya nani, kwanini refa amesimama ameshika sikio, unabaki kusubiri maandishi ya chini. Na kitu kimoja sikukitegemea, goli bila mtu wa kulitaja halikai kichwani. Nakumbuka magoli ya miaka ya nyuma kwa sauti za watu, ya mwezi uliopita niliyoangalia kimya yameshachanganyika.

Sasa hayo maneno yanapata umaarufu vipi?

Hili limenisumbua muda mrefu, maana kila wikiendi yanasemwa maneno maelfu na yanapotea. Chukua mfano wa zamani, tarehe 3 Oktoba 1951, besiboli, New York Giants na Brooklyn Dodgers. Bobby Thomson anapiga mpira unaoenda jukwaani na Giants wanachukua ubingwa wa ligi yao. Kwenye televisheni ya taifa zima alikuwa Ernie Harwell. Kwenye redio moja ya jijini alikuwa Russ Hodges, aliyepiga kelele "Giants wameshinda ubingwa!" akairudia na kuirudia kama mtu asiyeamini. Leo ukitafuta tukio lile unasikia Hodges. Ya Harwell haipo, hakuna aliyeirekodi, na hata ya Hodges imebaki kwasababu msikilizaji mmoja aliyekuwa na mashine ya kurekodi nyumbani alimwomba mama yake aiwashe.

Na angalia kilichofuata, ile sauti ya redio ikawekwa juu ya filamu ya tukio. Hivyohivyo kwa Morales, klipu nyingi zinazozunguka ni picha ya TV na sauti ya redio, vitu viwili ambavyo siku ile havikuwa pamoja, vimeozeshwa baadaye. Marudio ya picha ndo yanayobeba sauti. Goli litaonyeshwa tena mara elfu, na kila likionyeshwa mhariri anatafuta sauti inayoujaza ule muda, sasa aliyejaza sekunde zote kwa hisia na jina la mtu anachaguliwa, aliyesema kitu kizuri lakini kuhusu mpangilio wa mabeki anaachwa. Kile kishada chenyewe kilikuwa na historia yake, Morales alishaeleza kwamba kocha wa zamani wa Argentina, César Luis Menotti, alikuwa amemwita Maradona kishada kwa kumponda, kitu kinachopeperushwa na upepo, yeye akakichukua akakirusha juu zaidi. Wasikilizaji wengi hawakuijua hiyo na bado likawaingia, maana ni picha unayoiona hata kama hujui ugomvi wake.

Watu wa TV nao wanayo yao, ila yanafanya kazi kwa njia nyingine, yanaokolewa na muda. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, dakika za mwisho kabisa za nyongeza, England inaongoza 3 kwa 2, Kenneth Wolstenholme anaona watu wameingia uwanjani, anasema wapo watu uwanjani, wanadhani yamekwisha... na palepale Geoff Hurst anapiga la nne... "sasa yamekwisha!" Ondoa picha, hiyo ni sentensi ya kawaida mno ya mtu anayeripoti kero. Ilichofanya ni kuacha mlango wazi katikati na goli likaingia humo. Hakuna anayeweza kuandika hiyo jana yake kwenye daftari.

Au Martin Tyler tarehe 13 Mei 2012, Manchester City wanahitaji goli moja la ubingwa, dakika za nyongeza zimeshafika ya nne, na kitu pekee alichosema mpira ulipoingia ni jina la mfungaji, Agüeroooo, limevutwa mpaka pumzi imeisha, halafu akauachia uwanja. Baadaye ndo akasema anaapa hutaona tena kitu kama hiki, kiangalie, kinywe taratibu. Angeongea palepale juu ya zile kelele ingekuwa komentari ya kawaida. Mtu wa redio asingeweza kunyamaza hivyo, msikilizaji angebaki anauliza kafunga nani, kafunga vipi, na mpira ulitokea wapi.

Ndo maana pia ukisikia mtangazaji ameandaa methali yake toka nyumbani unaijua mara moja. Inakuja sekunde mbili mapema au mbili kuchelewa, ina vina, na haina jina la mtu aliyefunga.

Kwahiyo uchague nini

Mechi ya timu usizozijua, au unaangalia na watu wanaoingia na kutoka, baki na TV na komentari yake, majina na marudio vinakutosha, na ukae macho na zile dalili za goli nyuma ya marudio. Mechi ya timu yako unayoijua mpaka mchezaji wa akiba, na uko peke yako, jaribu kelele za uwanja angalau kipindi kimoja. Uko barabarani au jikoni, redio, wala usihangaike na strimu ya simu unayoigeukia kila dakika, utakosa vyote viwili.

Na kwa mechi kubwa, fainali, ya kukumbukwa, mi nitaendelea na picha ya TV na sauti ya redio, baada ya kuhangaika na filimbi ya mwanzo. Ila nina sheria moja niliyojiwekea baada ya kuumia, dakika za nyongeza zikianza natupa jicho kwenye goli kiki moja ya mwisho kuhakikisha hazijaachana, na simu naifunika uso chini, kwasababu hata ukisawazisha redio na picha vizuri namna gani, kuna rafiki yako mmoja yuko mbele yenu wote na ameshaandika GOOOLI.